Kipandauso Hurithiwa Vipi? Mambo Ambayo Mzazi Anayeugua Anapaswa Kujua Kuhusu Mtoto Wake

Mvulana wa Gredi ya Sita, mwenye umri wa miaka 11, amerudishwa nyumbani kutoka shuleni kwa mara ya tatu muhula huu. Kila mara hadithi ni ile ile. Uso unapauka, anashika paji la uso, anatapika mara moja au mbili, kisha anaomba alale. Mama yake, mshonaji nguo sokoni, humkimbiza dukani kununua dawa ya malaria. Kesho yake mtoto anaamka mzima na kudai chai na mkate, na kila mtu nyumbani anasadiki kwamba dawa imefanya kazi.

Huu ni mfano uliotungwa kwa ajili ya somo hili, lakini wahudumu katika zahanati wataitambua familia hii. Jambo ambalo halijaulizwa katika mfano huu ni kuhusu mama mwenyewe. Tangu akiwa msichana, mara mbili au tatu kwa mwezi, upande mmoja wa kichwa chake hudunda kama ngoma, mwanga wa mlango humchoma macho na harufu ya mafuta ya kukaanga humtapisha. Yeye hukiita "kichwa cha jua". Marehemu mama yake pia alikuwa akijifunga leso kichwani na kulala chumba chenye giza siku nzima. Hakuna aliyewahi kuliunganisha hilo na kutapika kwa mvulana.

Vizazi hivyo vitatu vinaelekea kuwa na ugonjwa mmoja, kipandauso. Duniani, takriban mtu mmoja kati ya saba huugua ugonjwa huu. Makala haya yanaeleza ni nini hasa mzazi humrithisha mtoto, uwezekano wa mtoto kuugua ni wa kiasi gani, na kwa nini historia ya familia ndiyo kipimo chenye manufaa zaidi mzazi anapokwenda zahanati.

KINACHORITHIWA NI WEPESI WA KUUMWA

Watu wengi hudhani kwamba ugonjwa wa kurithi ni lazima umpate mtoto, kama rangi ya macho. Kipandauso hakiko hivyo. Mtoto hurithi ubongo na neva ambazo huamka upesi kuliko za wengine. Vitu ambavyo mtu mwingine huvivumilia bila kuvihisi, kama vile kulala kwa kuchelewa, kukosa kiamshakinywa, jua kali au mabadiliko ya homoni, kwake vinaweza kuanzisha shambulio.

Fikiria mtungi wa maji. Kila mtu amezaliwa na mtungi wake, na kila siku maisha humwagia maji humo, kikombe baada ya kikombe. Shambulio huja mtungi unapofurika. Mtoto wa mzazi mwenye kipandauso mara nyingi amezaliwa mtungi wake ukiwa umeshajaa nusu. Vikombe viwili vinatosha kuufurisha, ilhali wa jirani yake ungehitaji sita. Ndiyo sababu watoto wawili wanaweza kukosa chakula cha mchana pamoja, mmoja akacheza mpira na mwingine akalala gizani.

Shambulio linapoanza, neva kubwa inayohudumia uso na utando unaofunika ubongo hutoa kemikali, mojawapo ikiwa protini ndogo iitwayo CGRP. Kemikali hiyo hupanua mishipa ya damu na kuzidisha ishara za maumivu. Kwa hiyo maumivu ya kipandauso yanatoka katika mwili wenyewe. Mtoto hajifanyi, wala hakurogwa.

JENI NYINGI, KILA MOJA NA MCHANGO MDOGO

Wanasayansi walijuaje kwamba ni damu, wala si maisha ya nyumba moja tu? Njia ya kwanza ilikuwa kuwachunguza mapacha. Mapacha wa kufanana hutokana na yai moja na wana jeni zile zile, ilhali mapacha wasiofanana wana uhusiano wa jeni kama ndugu wa kawaida, ingawa wamelelewa pamoja. Ilionekana kwamba mmoja akiwa na kipandauso, pacha wake wa kufanana huwa nacho mara nyingi zaidi kuliko pacha asiyefanana. Kutokana na tafiti hizo, takriban nusu ya tofauti kati ya watu katika kupatwa na kipandauso hutokana na jeni. Nusu nyingine inatokana na mambo ya maisha na mazingira.

Njia ya pili ni kulinganisha jeni za watu wengi kwa pamoja. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka wa 2022 ulilinganisha zaidi ya watu 102,000 wenye kipandauso na wengine zaidi ya 771,000 wasio nacho. Ulipata sehemu 123 katika jeni za binadamu zinazohusiana na ugonjwa huu. Baadhi zinahusu mishipa ya damu, nyingine zinahusu neva, na mojawapo ndiyo iliyo na maelekezo ya kutengeneza ile protini ya CGRP.

Idadi hiyo ya 123 inaeleza mengi kuhusu familia. Kila sehemu huongeza uwezekano kwa kiasi kidogo sana. Mtoto hupata nusu ya jeni zake kutoka kwa mama na nusu kutoka kwa baba, na kila mtoto hupata mchanganyiko wake. Ndiyo maana katika nyumba ya watoto wanne mmoja anaweza kuugua sana, wa pili kidogo, na wawili wasiugue kabisa. Ndiyo maana pia ugonjwa unaweza kuonekana kama umeruka kizazi. Baba ambaye hajawahi kuumwa anaweza kuwa amepitisha jeni za upande wa dada zake. Katika familia ambapo mama hulaumiwa kwa "kuleta ugonjwa", inafaa ijulikane kwamba jeni za pande zote mbili huchangia.

UWEZEKANO WA MTOTO NI KIASI GANI?

Mwaka wa 1995, watafiti wa Denmark walichapisha matokeo ya kuwachunguza jamaa wa karibu wa wagonjwa, yaani wazazi, ndugu na watoto wao. Waligawanya kipandauso katika aina mbili kuu. Aina ya kwanza ni ya maumivu bila onyo. Ya pili hutanguliwa na onyo, kama vile vimulimuli au mistari ya mwanga yenye meno ya msumeno machoni, au ganzi inayotambaa mkononi, kwa muda wa kati ya dakika 5 na saa moja.

Jamaa wa karibu wa mgonjwa asiyepata onyo walikuwa na uwezekano wa karibu mara mbili wa kuwa na aina hiyo wakilinganishwa na watu wengine. Jamaa wa wale wanaopata onyo walikuwa na uwezekano wa karibu mara nne wa kuwa na aina yao. Kwa hiyo aina yenye onyo hufuata damu kwa nguvu zaidi. Jambo la kuvutia ni kwamba hata waume na wake wa wagonjwa wasiopata onyo walionyesha ongezeko la mara moja na nusu hivi. Mume na mke hawana damu moja, kwa hiyo ongezeko hilo haliwezi kuelezwa kwa kurithi kutoka kwa mzazi mmoja.

Sasa turudi kwa mama mshonaji, ambaye haoni vimulimuli vyovyote kabla ya maumivu. Tafiti za nchi mbalimbali hukadiria kwamba, kwa wastani, watoto wa umri wa shule wapatao 10 kati ya 100 hupatwa na kipandauso. Mara mbili ya hapo ni 20 kati ya 100. Maana yake ni kwamba, wakiwa bado watoto, wengi wa watoto wa mama kama huyu hawataugua. Kadiri wanavyokua idadi huongezeka, kwa sababu wengi huanza kuugua wakibalehe au baada ya hapo. Kabla ya kubalehe wavulana na wasichana huugua kwa kiasi kinachokaribiana. Baadaye wanawake hufikia mara mbili hadi tatu ya wanaume, hasa kutokana na homoni.

Wazazi wengine wamesikia kwamba mzazi mmoja akiugua, nusu ya watoto wataugua, na wazazi wote wawili wakiugua, robo tatu. Takwimu hizo hutajwa mara nyingi, lakini zinafaa zaidi familia zinazofika kliniki, ambazo kwa kawaida ndizo zenye ugonjwa mkali na jamaa wengi wanaougua. Kwa familia ya kawaida zinaweza kuwa juu mno.

Kuna aina moja adimu ambayo hesabu yake ni tofauti. Katika aina hiyo mgonjwa hulegea upande mmoja wa mwili wakati wa shambulio, mfano wa mtu aliyepatwa na kiharusi, kisha nguvu hurudi. Mwaka wa 1996 iligunduliwa kwamba hitilafu katika jeni moja, iitwayo CACNA1A, inaweza kuisababisha, na jeni nyingine zimegunduliwa tangu wakati huo. Hapa jeni moja yenye hitilafu inatosha, kwa hiyo kila mtoto wa mgonjwa ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi. Hata hivyo, mtu yeyote anayelegea upande mmoja kwa mara ya kwanza apelekwe hospitali mara moja, kwa sababu hakuna anayeweza kutofautisha hali hiyo na kiharusi akiwa nyumbani.

KWA MTOTO, KIPANDAUSO KINA SURA NYINGINE

Hapa ndipo familia nyingi hupotea njia. Mzazi hutafuta kwa mtoto dalili anazozijua mwilini mwake, na asipoziona husema si kile kile.

Kwa mtu mzima, shambulio hudumu kati ya saa 4 na siku tatu, na mara nyingi huwa upande mmoja wa kichwa. Kwa mtoto linaweza kwisha kwa saa mbili tu, na maumivu huwa mara nyingi pande zote mbili au kwenye paji la uso. Tumbo linaweza kusumbua kuliko kichwa. Wapo watoto ambao kwa miaka kadhaa hupata maumivu ya tumbo karibu na kitovu, uso kupauka na kutapika, bila kuumwa na kichwa hata kidogo. Wengine hupata kizunguzungu cha ghafla cha dakika chache. Watoto hawa huwa wazima kabisa kati ya shambulio moja na jingine, na wengi wao baadaye hupata kipandauso cha kawaida. Mtoto mdogo hawezi kusema kwamba mwanga unamuumiza, lakini atajifunika blanketi usoni au kuomba redio izimwe.

Kwa vile shambulio huisha lenyewe, dawa yoyote atakayopewa mtoto itaonekana imemponya. Mvulana wa mfano wetu angeamka mzima kesho yake hata bila dawa ya malaria. Kosa hili lina gharama mbili. Anameza dawa asizozihitaji, na ugonjwa wake halisi unaendelea kumla siku za masomo. Shuleni anaweza kuitwa mvivu au hata kuadhibiwa. Lakini pia haifai kudhani kila kichwa ni kipandauso. Katika maeneo yenye malaria, mtoto mwenye homa apimwe damu kwanza. Kipimo cha haraka hutoa jibu kwa muda wa nusu saa hivi. Kipandauso chenyewe hakileti homa, kwa hiyo mtoto mwenye mwili wa moto atafutiwe sababu nyingine.

SWALI LA KUULIZA, NA DAFTARI LA KUANDIKA

Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayothibitisha kipandauso cha kawaida. Mhudumu wa afya hukitambua kwa maelezo, na maelezo ya familia yana uzito mkubwa. Ila swali "Je, kuna mwenye kipandauso kwenu?" mara nyingi hujibiwa "hapana", kwa sababu wengi wanaougua hawajawahi kuambiwa jina la ugonjwa wao. Swali linalofaa ni hili: "Ni nani kwenu, upande wa mama au wa baba, ambaye akiumwa na kichwa hulala gizani, hutapika, au hushindwa kufanya kazi?" Mama mshonaji akiulizwa hivyo, atajitaja mwenyewe, kisha mama yake, na huenda pia mjomba.

Kitu cha pili ni daftari la kawaida la shule. Mama achore safu nne: tarehe na saa, mtoto alihisi nini, ilidumu kwa muda gani, na nini kilitangulia siku hiyo na usiku wake. Kwa miezi miwili daftari la mvulana wetu linaonyesha mashambulio sita. Yote yaliisha kwa chini ya saa nane. Kichwa kilidunda na kumzuia kucheza, na mara tano kati ya hizo sita alitapika. Manne yalitokea siku alizotoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri bila kula, baada ya kulala akiwa amechelewa. Hayakuhusiana na chokoleti wala na jua peke yake. Vikombe viwili vilivyofurisha mtungi vilikuwa njaa na usingizi mchache.

Akiwa na daftari hilo, mhudumu wa afya ana anachohitaji. Ili kukiita kipandauso, kwa kawaida hutaka angalau mashambulio matano yanayofanana, yenye maumivu makali au ya kudunda yanayozidi mtoto akitembea, pamoja na kichefuchefu au kuchukia mwanga na kelele, na awe hajapata sababu nyingine baada ya kumpima mtoto.

Tiba ya kwanza kwa mvulana huyu haina gharama kubwa: uji au chai na kitu cha kutafuna kabla ya kuondoka, chupa ya maji, na saa ile ile ya kulala hata wikendi. Shambulio likianza, dawa ya maumivu itolewe mapema, kwa sababu baadaye tumbo hupunguza mwendo na dawa huchelewa kufanya kazi. Kipimo hufuata uzito. Parasetamoli ni miligramu 15 kwa kila kilo, kwa hiyo mtoto wa kilo 34 huhitaji takriban miligramu 500, yaani tembe moja ya kawaida. Robo tembe, ambayo wazazi wengi hutoa kwa hofu, haitamsaidia. Dozi nyingine isitolewe kabla ya saa nne hadi sita kupita, na zisizidi nne kwa siku. Aspirini isitolewe kwa mtoto, kwani inaweza kusababisha madhara adimu lakini makubwa ya ini na ubongo.

Dawa za maumivu zisitumiwe zaidi ya siku mbili au tatu kwa wiki. Zikizidi, zenyewe huanza kuleta maumivu ya kichwa ya karibu kila siku. Mtoto anayezihitaji mara nyingi hivyo arudishwe kwa mhudumu wa afya, ambaye anaweza kumtafutia dawa ya kuzuia mashambulio.

Msichana anayepata vimulimuli kabla ya maumivu ana jambo moja la ziada la kukumbuka akikua. Amweleze mhudumu kabla ya kuanza njia yoyote ya kupanga uzazi. Vidonge vyenye homoni ya estrojeni humwongezea hatari ya kiharusi, na zipo njia nyingine salama kwake.

WAKATI WA KWENDA HOSPITALI BILA KUNGOJA

Historia ya familia isimpumbaze mzazi. Mtoto wa mwenye kipandauso anaweza kupata uti wa mgongo au uvimbe kichwani kama mtoto mwingine yeyote. Apelekwe hospitali mara moja akiwa na mojawapo ya haya:

- homa pamoja na shingo ngumu, kuchanganyikiwa au usingizi usio wa kawaida;
- maumivu ya ghafla yaliyo makali kuliko yote aliyowahi kupata, au yaliyoanza baada ya kuumia kichwa;
- degedege, kulegea upande mmoja, kutembea kwa kuyumba au kuona vitu viwili viwili;
- maumivu yanayomwamsha usiku au yanayokuja na kutapika kila asubuhi, huku yakizidi wiki baada ya wiki;
- maumivu ya kichwa yanayorudi kwa mtoto aliye chini ya miaka sita.

JE, MTOTO APIMWE JENI?

Kwa kipandauso cha kawaida, hapana. Sehemu 123 zenye mchango mdogo mdogo haziwezi kumwambia mzazi kama mtoto huyu au yule ataugua. Zaidi ya hayo, tafiti kubwa zimewahusu hasa watu wenye asili ya Ulaya, na matokeo yake hayahamishwi ovyo. Mfano ni badiliko moja la jeni ya TRPM8, inayohusika na kuhisi baridi, ambalo linahusiana na kipandauso. Limepatikana kwa takriban asilimia 88 ya watu wenye asili ya Ufini lakini kwa asilimia 5 tu ya wale wenye asili ya Nigeria. Kipimo kilichotengenezwa kwa kuwafuata Wafini hakiwezi kumsomea mtoto wa Kenya bahati yake. Kupima jeni kuna maana katika ile aina adimu ya kulegea upande mmoja, na hilo huamuliwa na daktari bingwa.

Kwa mvulana wa Gredi ya Sita, kumbukumbu za mama yake zinatosha kuanzia. Siku anapokwenda zahanati, mama abebe daftari, na aanze kwa kueleza kichwa chake mwenyewe.